Pini, uzi na pembe ya kitovuni: uchambuzi wa somo moja la kidato cha tatu

Kanuni ya pembe ya kitovuni ni fupi. Chagua nukta mbili, A na B, kwenye mzingo wa duara. Chagua nukta ya tatu, C, kwenye mzingo huohuo. Pembe AOB iliyo kwenye kitovu O ni mara mbili ya pembe ACB iliyo mzingoni, mradi zote mbili zinatazama tao lilelile. Wanafunzi wengi wa kidato cha tatu wanaijua kwa moyo kabla mwalimu hajaigusa, kwa sababu wameikuta tuisheni au kwenye daftari la kaka. Wasichokijua ni kwa nini iko hivyo. Ndiyo maana mtihani ukileta mchoro usiofanana na ule wa daftarini, kanuni inawaponyoka.

Kisa ninachokichambua ni cha vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80 kwa jumla, katika shule moja ya kutwa yenye darasa la wanafunzi zaidi ya 60. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyefundisha. Mimi nilikaa nyuma na daftari, na alipokuwa upande mmoja wa chumba nilipita kwenye makundi ya upande wa pili. Wakati wa kupanga somo tulikubaliana jambo moja: kazi ya mikono isiwe ya kuwashawishi wanafunzi kwamba kanuni ni ya kweli, kwani hilo wanalikubali hata bila kupima. Kazi hiyo itoe michoro ambayo uthibitisho utalazimika kuijibu. Karibu kila kilichotokea siku ile, chepesi na kigumu, kilitokana na uamuzi huo.

Vifaa na maagizo

Kila kundi la watu watano au sita lilipewa kipande cha boksi, karatasi nyeupe ya kuweka juu yake, pini nne, uzi mweusi wa kushonea na kipimapembe cha kwenye mkebe wa hesabu. Duara lilichorwa kwa pini, uzi na penseli, nusu kipenyo sentimita 10, maana bikari nyingi za mkebe hulegea zikipanuliwa kiasi hicho. Pini moja ikabaki kwenye kitovu, nyingine mbili zikachomwa A na B popote kundi lilipotaka. Uzi ulifungwa A, ukazungushwa kwenye pini ya nne, C, kisha ukafungwa B. Pini ya C ndiyo inayohama. Zile nyingine haziguswi tena.

Ukubwa wa duara haukuchaguliwa hivihivi. Pini ikichomwa milimita moja kando ya mahali pake, umbali wa sentimita 10 kutoka kitovuni, pembe ya kitovuni inakosea kama nusu ya nyuzi moja. Duara likiwa la nusu kipenyo cha sentimita 4, milimita ileile moja inakaribia nyuzi moja na nusu. Ukijumlisha unene wa uzi na macho ya msomaji wa kipimapembe, duara dogo linatoa majibu yanayotawanyika kiasi kwamba hakuna mpangilio unaoonekana. Kwa duara la sentimita 10 tulitegemea tofauti ya nyuzi moja au mbili, na mwalimu aliwaambia hivyo mapema ili asiwepo wa kuanza kurekebisha namba zake.

Maagizo ya mwisho ndiyo yaliyobeba somo zima. C iwekwe mahali panne: mbali na A na B, karibu na A, karibu na B, na mahali pa nne popote mzingoni mnapopenda. Hilo neno "popote" tulilijadili muda mrefu wakati wa kupanga. Karatasi za kazi nilizozoea kuziona humwambia mwanafunzi aiweke C kwenye tao kubwa. Kwa kufanya hivyo zinamkinga asikutane na mchoro wenye mafunzo kuliko yote.

Namba zilizokuja ubaoni

Makundi mengi yalileta yaliyotarajiwa. Kundi lenye nyuzi 76 kitovuni lilipata 38, 39, 37 na 38 mzingoni. Jingine lilikuwa na 120 na likapata 60, 61, 59, 60. Matatu yanastahili kusimuliwa.

Kundi la kwanza liliandika 84 kitovuni, na mzingoni 42, 42, 42, 42. Kipimapembe cha plastiki, uzi wa kushonea na boksi lililokunjamana haviwezi kutoa namba safi namna ile mara nne mfululizo. Mwalimu hakuwaambia wamebuni. Aliwapa kipimapembe cha kundi jirani, akamwomba mwanafunzi ambaye hakuwa amepima awali asome tena akiwa peke yake, wenzake wakiwa wamegeuza daftari. Yakaja 43, 41, 42 na 44. Alizifuta zile za kwanza na kuandika hizi bila maneno. Ukiona jedwali lisilo na kosa hata moja, jua kanuni ilifika mezani kabla ya uzi.

Kundi la pili halikuwa na subira ya kuchora kwa uzi. Lilizungushia penseli kifuniko cha ndoo ndogo, nusu kipenyo kama sentimita 6, kisha likachoma pini ya kitovu kwa kukadiria. Lilipata 106 kitovuni, na mzingoni 50, 49, 51, 50. Wakadhani wamekosea kupima, wakapima upya, zikaja namba zilezile. Hapa kuna dalili ambayo kila mwalimu anayefanya zoezi hili anapaswa kuishika: pembe za mzingoni zikipatana zenyewe kwa zenyewe lakini mara mbili yake haifiki au inapita ile ya kitovuni, kosa haliko kwenye kupima. Kitovu si kitovu. Katika duara la ukubwa ule, pini ya O ikisogea milimita 4 tu kuelekea mstari AB, pembe ya nyuzi 100 inakuwa 106. Pembe za mzingoni hazina habari na kitovu, kwa hiyo hazikuathirika. Dawa yake ni kulikata duara, kulikunja mara mbili kwa njia tofauti ili nusu zilaliane, na kuchukua mahali mikunjo inapokatana. Walifanya hivyo na pembe ikashuka hadi 101.

Kundi la tatu lilikaa karibu na dirisha. Kitovuni walikuwa na 100. C ya mbali ikatoa 50, ya karibu na A ikatoa 49, ya karibu na B ikatoa 51. Kwa nafasi ya nne, kijana mmoja aliisukuma pini akaivusha B kabisa, akaiweka kwenye tao dogo kati ya A na B. Wakapima 131. Mmoja wao akanyosha mkono na kusema, "Mwalimu, kwetu imekataa."

Darasa zima likageuka. Majibu mawili yalisikika haraka kutoka kwa wenzao: kwamba wamepima vibaya, na kwamba wameweka pini "upande usioruhusiwa". Hilo la pili ndilo jibu ambalo vitabu vingi hulitoa kimyakimya, kwa kutochora kabisa mchoro wa namna hiyo. Mwalimu aliliacha kando. Aliwauliza kundi la dirishani swali moja tu: ukikaa kwenye C mpya na kuangalia mbele, unaliona tao gani, lile dogo au lile kubwa? Wakajibu kubwa, kwa sababu dogo wamelikalia wenyewe. Basi pimeni kitovuni pembe inayolitazama tao hilo kubwa. Ilichukua muda kidogo, kwa kuwa kipimapembe cha nusu duara kinaishia 180 na ilibidi watoe 100 kwenye 360. Wakapata 260. Nusu yake ni 130, nao walikuwa na 131.

Nilimwona yule kijana akirudisha pini kwenye tao kubwa, kisha akaivusha tena, akisoma pembe mara zote mbili. Alikuwa akihakikisha kwamba uzi hautoki 50 kwenda 130 polepole. Hautoki. C ikisogea kwenye tao kubwa pembe haibadiliki hata kidogo. Ikivuka B inaruka mara moja.

Kutoka kwenye jedwali hadi kwenye sababu

Dakika kama 35 zilikuwa zimekwisha. Mwalimu aliuliza: "Mmepima nukta nne. Mzingo una nukta ngapi?" Hakuna aliyetaka kuendelea kupima, na hakuna aliyehitaji maelezo marefu kuhusu kwa nini kupima hakutoshi.

Uamuzi wake wa kwanza katika uthibitisho naupenda sana. Hakuanza na mchoro wa kawaida, ule ambao kitovu kimekaa katikati ya mikono ya pembe. Aliwaambia waivute C mpaka uzi wa kutoka C hadi B upite juu kabisa ya pini ya O, yaani CB iwe kipenyo. Katika mchoro huo kuna pembetatu moja tu ya kushughulikia, OAC. OA na OC ni nusu kipenyo, kwa hiyo pembetatu ni pacha, yenye pande mbili sawa, na pembe zake za chini, kwenye A na kwenye C, zinalingana. Tuziite x. Pembe AOB iko nje ya pembetatu hiyo, na pembe ya nje ya pembetatu ni jumla ya zile mbili za ndani zisizopakana nayo. Kwa hiyo AOB ni x + x, yaani 2x, na ACB ni x. Mistari minne imetosha. Kwa kundi lenye nyuzi 100, pembetatu ina 80 kwenye O, na 50 na 50 kwenye A na C.

Kisha akasema kwamba C zote nyingine zinatengenezwa kwa kipande hicho kimoja. Chora mstari kutoka C kupitia O hadi ufike upande wa pili wa mzingo, uite mwisho wake D. Sasa una pembetatu pacha mbili, moja upande wa A na moja upande wa B. Upande wa A unatoa x kwenye C na 2x kwenye O, upande wa B unatoa y na 2y. Ikiwa D imeangukia kati ya A na B, jumlisha: mzingoni x + y, kitovuni 2x + 2y.

Alipofika hapo aliweka chaki chini, akawaambia kila kundi lithibitishe kwa C yake ya karibu na A. Hapa ndipo somo lilipogeuka gumu. Pini ikiwa karibu na A, mstari kutoka C kupitia O hauangukii kati ya A na B. D inapita B na kutokea upande wa pili, kwa hiyo kitovu kiko nje ya mikono ya pembe ACB. Nilisimama kwenye kundi la dirishani. Msichana aliyekuwa akiandika alichora vizuri, akapima pembe zake, akapata kwamba pembe ACO ni 70 na pembe BCO ni 20. Kisha akafuata ubao neno kwa neno: x + y, 70 + 20, akaandika 90.

Mwenzake akamwonyesha jedwali lao. Pale pameandikwa 49.

Walikaa kimya, wakaangalia uzi. Halafu msichana yule akaweka kidole kwenye mstari CO, akakipeleka hadi CB, kisha akakiendeleza hadi CA, na akaona kwamba ile 20 imo ndani ya ile 70. Akafuta alama ya kujumlisha, akaweka ya kutoa: 70 kutoa 20 ni 50. Kitovuni, 140 kutoa 40 ni 100. Mwalimu hakuwa karibu, nami sikusema neno. Kipimo kilichopatikana nusu saa kabla ndicho kilichosahihisha uthibitisho ulionakiliwa bila kutazama mchoro. Hii ndiyo sababu nasisitiza kwamba namba za jedwali zibaki ubaoni wakati wa kuthibitisha. Walimu wengi huzifuta kupata nafasi, wakiona zimeshatimiza kazi yake.

Makundi mengine matatu nayo yaliandika jumla. Mawili yaligundua kosa kwa njia ileile. La tatu lilikuwa na C ambayo haikuwa karibu vya kutosha na A, D ilikuwa bado kati ya A na B, hivyo jumla ilikuwa sahihi kwao na walishangaa kwa nini wenzao wanatoa. Mwalimu aliwatuma waende kuangalia boksi la jirani.

C ya tao dogo ilibaki kwa wale wa dirishani, nao walitegemea uthibitisho mpya kabisa. Haukuhitajika. Mstari kutoka C kupitia O unaangukia kwenye tao kubwa, x na y zinajumlishwa kama kwenye mchoro wa kwanza, na 2x + 2y inahesabiwa upande wa D, ambako ndiko iliko pembe ya nyuzi 260. Maneno ni yaleyale, hakuna hata herufi inayobadilika. Yuklidi, aliyeandika mnamo mwaka 300 hivi kabla ya Kristo, ana kanuni hii katika Kitabu cha III, pendekezo la 20, na anashughulikia kitovu kikiwa ndani ya pembe na kikiwa nje. Lakini kwake pembe haipiti nyuzi 180, hivyo mchoro wa kundi la dirishani haumo. Mwalimu aliwaambia hivyo, na ilikuwa sawa kuwaambia.

Njia ya mkato iliyopendekezwa

Kabla ya kwenda kwenye mazoezi, mwanafunzi wa nyuma, mkimya tangu mwanzo, alitoa hoja ambayo ningependa kila mwalimu wa hisabati aisikie darasani kwake. Alisema michoro mitatu ni kazi ya bure. Tumeona kwenye jedwali kwamba C ikihama kwenye tao kubwa pembe haibadiliki. Basi ihamishe C mpaka CB iwe kipenyo, tumia pembetatu moja, umemaliza.

Hoja hii ni nzuri, na ni rahisi kuikataa vibaya. Ukimwambia tu kwamba si sahihi, unaua fikra ambayo wanahisabati huitumia kila siku: kuhamisha tatizo hadi mahali lilipo rahisi. Mwalimu alimwomba aandike hatua zake ubaoni na kando ya kila hatua aweke sababu. Ya kwanza ilikuwa "pembe ACB haibadiliki C ikihama". Sababu? Kijana akaandika "tumepima". Darasa likaona lenyewe. Jambo hilo ni kanuni inayojitegemea, ile ya pembe zinazotazama tao moja kuwa sawa, na kwa Yuklidi ndilo pendekezo la 21, linalofuata lile la 20 na kulitegemea. Ukitumia la 21 kuthibitisha la 20, halafu la 20 kuthibitisha la 21, hujathibitisha lolote.

Mwalimu alichora mshale kutoka "kitovuni" kwenda "tao moja" na kuuliza kama kuna mtu anaweza kuuchora wa kinyume bila kuanzia kwenye kipimo. Hakuna aliyeweza, naye akaliacha swali wazi. Alimwambia kijana yule kwamba siku akipata njia nyingine ya kuonyesha kuwa pembe haibadiliki, uthibitisho wake wa mstari mmoja utakubalika papo hapo.

Mazoezi mafupi ya kuthibitisha

Zilibaki dakika kama 20. Mazoezi yalikuwa manne, kila moja lisizidi mistari minne, kila mstari uwe na sababu yake pembeni. Kikomo cha mistari kilisaidia kuliko nilivyotarajia. Mwanafunzi akijua ana mistari minne hawezi kujaza ukurasa kwa kuelezea mchoro kwa maneno. Lazima achague kinachobeba uzito.

La kwanza lilikuwa kuthibitisha kwamba pembe iliyo ndani ya nusu duara ni pembe mraba, lakini bila kutumia kanuni ya kitovuni. Unachora OC, unapata pembetatu pacha mbili, pembe za pembetatu kubwa ACB ni x, y, na x + y, jumla yake 180, hivyo x + y ni 90. Wengi waliliona haraka kwa sababu mchoro wake ulikuwa bado mezani.

La pili lilikuwa lile la pembe mbili, ACB na AEB, zinazotazama tao moja. Lina mstari mmoja wa maana: kila moja ni nusu ya AOB. Kosa lililojirudia hapa lilikuwa la kuandika "ACB = 50, AEB = 50, kwa hiyo ni sawa". Kwa mwanafunzi aliyetoka kupima, jibu hilo linaonekana kamili. Mwalimu hakuweka alama ya kosa. Aliandika kando, "Na kama AOB ni 76?" Wengi walibadilisha namba kuwa 38 na 38. Wachache ndio walioandika herufi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ambayo somo halikuifikia, na sidhani kama vipindi viwili vingetosha. Kuiona herufi kama pembe yoyote ile ni jambo linalokuja baada ya kuandika uthibitisho mwingi mfupi.

La tatu: pembe za mkabala katika pembenne ambayo vipeo vyake vyote viko mzingoni zina jumla ya nyuzi 180. Kundi la dirishani lililimaliza kabla ya wengine, maana 50 na 130 zilikuwa tayari kwenye jedwali lao, na walijua kwamba pembe mbili za kitovuni, 100 na 260, zinajaza duara zima. Waliandika 2a + 2c = 360, wakagawanya kwa mbili. Makundi ambayo nafasi yao ya nne ya C ilikuwa kwenye tao kubwa hayakuwa na pa kuanzia, na kwenye boksi zao ilibidi wasogeze pini kwanza. Ningefundisha somo hili tena ningehakikisha nusu ya makundi yanafika kwenye tao dogo, kwa kuyapa boksi ambalo A na B zimekaa mbali, karibu na ncha za kipenyo, ili "popote" iwe na nafasi kubwa ya kuangukia huko.

La nne lilikuwa la kutumia: msambamba umechorwa ndani ya duara, vipeo vyote vinne vikigusa mzingo, thibitisha kwamba ni mstatili. Hakuna kitovu kwenye mchoro na hakuna namba. Pembe za mkabala za msambamba ni sawa, na kwa kuwa uko ndani ya duara jumla yake ni 180, hivyo kila moja ni 90. Wapo waliochora mstatili tangu mwanzo na kuona hakuna cha kuthibitisha. Mwalimu aliwaambia wachore msambamba ulioinama kisha wajaribu kupitisha duara kwenye vipeo vinne. Walijaribu, vipeo vitatu vikakubali, cha nne kikabaki nje.

Swali la mwisho lilitoka kwenye kundi la kifuniko cha ndoo, na ndilo lililofungua kipindi kilichofuata. Waliuliza: C ikisogezwa karibu na B, karibu zaidi, mpaka ifike juu ya B yenyewe, pembe inakuwa ngapi? Uzi wa CB umekwisha, hakuna mkono wa pili wa kupima. Mwalimu aliwaambia walaze rula kwenye kipande cha uzi cha CB kabla hakijaisha, na waifuate C inaposogea. Rula ilikuwa inageuka taratibu, na C ilipofika B ilikuwa inaligusa duara pale B tu, bila kulikata. Pembe kati ya rula na mstari BA, kwa upande wa tao dogo, ilisomeka 51.

Siku iliyofuata wakapewa mistari yao. Kwa AOB ya 100, pembetatu OAB ni pacha na pembe yake kwenye B ni 40. Mstari unaogusa duara kwenye B unakutana na nusu kipenyo OB kwa nyuzi 90. Kinachobaki kati ya mstari huo na BA ni 50. Safari hii, zaidi ya nusu ya madaftari yalikuwa na 2t mahali pa 100, 90 − t mahali pa 40, na t mwishoni.